Joto likizidi, punguza nguo, chandarua kibaki

Leo nazungumza na ninyi mnaotusikiliza hapa Kasongo mjini, Kunda, Wamaza na Samba, na ninyi ndugu zetu wa Kabambare hadi Salamabila. Kama uko jikoni, sogeza redio karibu. Kama unanyonyesha, kaa vizuri, maana maneno ya leo ni yako hasa.

Leo tunazungumza juu ya usingizi wa mtoto mchanga siku za joto. Nina jambo moja kubwa la kusema, na nitalirudia mara kadhaa ili hata anayefungua redio katikati alipate. Jambo lenyewe ni hili: usiku joto likizidi, mtoto apunguziwe nguo, lakini asiondolewe chandarua.

Kwa nini naanza na hilo? Kwa sababu katika nyumba zetu nyingi tunafanya kinyume. Jua limezama, ni saa mbili usiku, chumba bado kina joto la mchana. Mtoto wa miezi miwili amelazwa. Amevaa fulana, juu yake sweta, kichwani kofia ya sufu, miguuni soksi, kisha amezungushiwa blanketi. Anaanza kulia. Mama anamgusa shingoni, mkono unarudi na jasho. Anasema, "Hii mustikeri ndiyo inamziba pumzi." Anaikunja, anaitupa juu. Mtoto anapata upepo kidogo usoni, ananyamaza, na wote wanalala.

Sasa tuhesabu pamoja. Sweta iko wapi? Iko mwilini. Kofia? Kichwani. Chandarua kiko wapi? Kimekunjwa juu. Usiku wa manane, wote wakiwa usingizini, mbu wa malaria anaingia kazini. Mbu huyu, anayeitwa Anofeli, hapendi kuuma watu wanaotembea na kuzungumza. Kazi yake kubwa ni kati ya saa nne usiku na alfajiri, mtu akiwa ametulia. Basi tumeondoa kinga na tumeacha joto palepale lilipo.

Hebu tumpe mama huyo haki yake. Je, ni kweli chandarua kinaongeza joto? Anachohisi ni kweli, na haifai muuguzi amwambie kwamba anasingizia. Kitambaa cha chandarua kinazuia upepo. Watafiti waliopima jambo hili Afrika na Asia waliona kwamba upepo unaofika ndani ya chandarua unapungua zaidi ya nusu. Upepo ukipungua, jasho halikauki upesi, na mwili unahisi joto. Kwa hiyo malalamiko yana msingi.

Lakini sikiliza upande wa pili. Chandarua chenyewe hakitoi joto, wala hakimzuii mtoto kupumua, maana matundu yake yanapitisha hewa. Kinachopungua ni upepo tu. Na chumba ambacho madirisha yamefungwa, pazia limeshushwa na mlango umeegeshwa, kina upepo gani wa kupunguza? Hakina. Katika chumba cha namna hiyo ukiondoa chandarua unapata nafuu ndogo mno. Joto linalomliza mtoto limetoka kwingine: limetoka kwenye bati, kwenye ukuta, kwenye miili ya watu waliolala karibu naye, na zaidi ya yote limezuiwa na nguo zake mwenyewe.

Tuanze na nguo, kwa sababu hilo unaweza kulibadilisha usiku huu huu bila kutoa hata franga moja.

Mtoto mchanga hatoi jasho vizuri kama mtu mzima. Hawezi kujifunua. Hawezi kusogea kwenye ubaridi. Njia yake kubwa ya kutoa joto ni ngozi, na hasa kichwa, kwa sababu kichwa cha mtoto ni sehemu kubwa ya mwili wake ukilinganisha na chetu. Ukimvika kofia ndani ya nyumba yenye joto, umeziba mlango mkubwa wa kutolea joto. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake, mwenye uzito mzuri, siku zake za kwanza zikiisha kupita, hahitaji kofia akilala usiku wa joto. Bibi akiuliza, mwelezeni kwa heshima kwamba kofia ina wakati wake.

Avae nini, basi? Huenda umesikia, au umesoma katika kitabu, kwamba chumba cha mtoto kiwe na nyuzi 16 hadi 20. Hilo ni shauri la Uingereza, nchi ya baridi. Hapa kwetu alasiri ya jua inapita nyuzi 30, na chumba kinaweza kubaki na joto kubwa hadi usiku sana. Usihangaike kutafuta nyuzi 20 ambazo nyumba haiwezi kukupa. Badala yake, jitazame wewe mwenyewe. Kama wewe umelala umetulia, umejifunga kitenge kimoja na bado unatoka jasho, mtoto wako anatosha na nepi peke yake, au nepi na kifulana kimoja chepesi cha pamba. Kama wewe unaona hali ni ya kawaida, husikii joto wala baridi, mvike nguo moja nyepesi ya pamba. Kama wewe umevuta shuka, mwongezee nguo ya pili. Ndiyo kipimo.

Nimesema pamba kwa makusudi. Sweta nyingi za watoto sokoni ni za nailoni, hazinyonyi jasho. Na ile plastiki tunayoifunga juu ya nepi ili kitanda kisilowe, usiku wa joto iondoe. Chini ya plastiki ngozi inapikika, na asubuhi unaona upele mwekundu mapajani.

Utajuaje kama mtoto amezidiwa na joto? Usishike mikono wala miguu. Mikono ya mtoto mchanga mara nyingi ni baridi hata wakati mwili una joto la kutosha, na hapo ndipo mama anadanganyika, anaongeza soksi na blanketi. Peleka mkono nyuma ya shingo, au kifuani chini ya nguo. Ukikuta pana jasho, nywele zimelowa, uso umekuwa mwekundu, pumzi zinakwenda mbio, au vipele vidogo vimejaa shingoni na mgongoni, nguo zimezidi. Punguza moja. Rudi baada ya muda mfupi, gusa tena.

Na blanketi? Mtoto mchanga usiku wa joto hahitaji blanketi, hahitaji mto, hahitaji kufunikwa kitenge usoni. Hicho kitenge cha usoni nakisema kwa uchungu. Tunamfunika mtoto uso ili nzi na mbu wasimfikie, na nia ni njema. Lakini chini ya kitambaa hewa inarudi ileile aliyoitoa, na joto linapanda. Mlaze chali, mgongo chini, uso wazi juu. Kulala kifudifudi, kufunikwa kichwa na kuzidiwa na joto ni mambo matatu yanayohusishwa na vifo vya ghafla vya watoto usingizini. Uingereza ilipoanza mwaka 1991 kuwahimiza wazazi wote kuwalaza watoto chali, vifo hivyo vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka michache. Watu walibadilisha tu namna ya kumlaza mtoto.

Nataka hapa niweke mpaka, mtu asije akanisikia vibaya. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mtoto mwenye uzito mdogo, na mtoto wa siku za kwanza kabisa, hao joto linawatoka haraka na wanaweza kupoa hata Kasongo. Hao wanahitaji kofia, na wanahitaji kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, kama mkunga alivyoonyesha. Na kiangazi, Juni na Julai, alfajiri zetu zina baridi ya kweli. Mtoto aliyelala na nepi saa tatu usiku anaweza kuhitaji nguo saa kumi alfajiri. Kwa hiyo weka nguo ya pili karibu na kitanda, na kila unapoamka kunyonyesha, gusa shingo.

Sasa tutoke kwenye nguo, tuingie kwenye nyumba.

Bati likipigwa na jua mchana kutwa linamwaga joto chini, kwenye kitanda. Jua likizama bati linapoa upesi, lakini ukuta wa udongo au tofali haupoi upesi. Umekunywa joto mchana, unalirudisha usiku. Ndiyo maana saa mbili usiku nje pana hewa safi na ndani bado hapakaliki. Nyumba ya manyasi haina shida hii sana, wazee wetu walijua. Kama nyumba yako ni ya bati, kuna kazi ambayo baba anaweza kuifanya siku moja: kutandika mikeka au mianzi chini ya bati, juu ya chumba anapolala mtoto, hata kama hawezi kuifanya nyumba nzima. Joto la bati linaishia hapo. Kisha kitanda kisigusane na ukuta unaopigwa na jua la jioni. Kivute upande wa pili.

Madirisha nayo yana saa zake. Alfajiri fungua yote, ubaridi uingie. Jua likiwa kali, funga upande linapopigia. Jioni, jua likishuka, fungua tena pande mbili ili upepo upite, uingie huku utokee kule. Utasema, "Lakini mbu wataingia." Kweli, wataingia. Ndiyo maana chandarua kinashushwa mapema, kabla ya magharibi, kikiwa kimechomekwa chini ya godoro. Na kama una chandarua cha zamani kilichokwisha, usikifanyie wavu wa samaki. Kata sehemu nzima, gongomea dirishani.

Jiko la makala lisiingie chumbani wala lisibaki ndani likizimika. Linaleta joto, na linatoa sumu isiyo na harufu wala rangi ambayo imeua watu wazima katika vyumba vilivyofungwa. Pika nje, acha nje. Mshumaa na koroboi navyo viwe mbali na chandarua, kwa sababu kinashika moto upesi.

Sasa turudi kwa yule mama wetu wa saa mbili usiku, tumpangie jioni yake upya.

Saa kumi na moja jioni anafungua madirisha. Anamwogesha mtoto kwa maji ya uvuguvugu, si ya baridi, anamkausha vizuri kwenye mikunjo ya shingo na mapaja. Anamvika nepi na kifulana. Magharibi inaingia, ndani bado pana joto. Je, amlaze ndani? Si lazima. Nje ni kuzuri zaidi saa hizo. Lakini nje mbu nao wapo. Basi chandarua kimfuate mtoto nje. Kamba nne zifungwe kwenye nguzo za baraza, mkeka utandikwe, kingo za chandarua zikunjwe chini ya mkeka pande zote, na mtoto alale hapo, mtu mzima akiwa karibu naye. Saa tatu na nusu au saa nne ukuta umepoa. Mama anakihamishia chandarua ndani, anakifunga juu ya kitanda, anahakikisha hakuna mbu aliyejificha ndani yake, anachomeka kingo, wanalala. Saa za mbu wengi zinapofika, chumba kimepoa na kinga iko mahali pake. Mnaona? Joto kubwa la chumba ni la mwanzo wa usiku, na mbu wengi ni wa usiku sana. Anayevumilia na kupanga zile saa za mwanzo hana sababu ya kukikunja chandarua baadaye.

Narudia kwa anayefungua redio sasa: punguza nguo, chandarua kibaki.

Kuna maneno juu ya chandarua chenyewe. Ukiweza kuchagua, tumia kile kikubwa cha kitanda, ufunge juu na uvute pembe zote nne zinyooke. Ndani yake kuna nafasi ya hewa, na kitambaa kiko mbali na mtoto. Vile vidogo vya sokoni, vinavyofunguka kama mwavuli, vinasaidia mchana mtoto akisinzia, lakini vingi havina dawa. Tena kitambaa kiko karibu sana na ngozi, na mbu huuma kupitia kitambaa kinachogusa mkono au mguu. Kilicholegea nacho kina hatari nyingine: kinaweza kumwangukia mtoto usoni au kumzonga. Kinyooshwe.

Chandarua kipya chenye dawa kitandike kivulini siku moja kamili kabla ya kukilalia, ile harufu na ule mwasho wa mwanzo vipungue. Kikijaa vumbi na masizi, matundu yanaziba na upepo unazidi kukosekana. Hapo kioshe, lakini si kila juma. Mara nne kwa mwaka zinatosha. Kioshe kwenye beseni kwa sabuni ya kawaida, bila javeli, kianikwe kivulini, maana jua kali huiharibu dawa. Maji yale yamwagwe kwenye shimo mbali na kisima. Usikioshe mtoni wala Lualaba, kwa sababu dawa hiyo inaua samaki.

Tunalala na watoto wetu kitanda kimoja, chandarua kimoja, na sina nia ya kuwaambia mjenge vyumba msivyonavyo. Najua pia kuna familia za Kabambare zilizokimbia vita, watu sita au saba katika chumba kimoja. Mtoto alale pembeni ya mama, si katikati ya watu wazima wawili, kwa maana mwili wa mtu mzima ni joto tupu, na pande mbili zinamchoma. Asiwe kwenye nafasi kati ya ukuta na godoro anapoweza kuteleza. Na mtu aliyekunywa lutuku asilale karibu na mtoto.

Sasa swali ambalo mama mmoja atakuwa analo: "Nimempunguzia nguo, bado ana moto. Nitajuaje kama ni joto la chumba au ni homa?" Swali zuri. Mvue nguo, mpeleke penye hewa, mnyonyeshe. Mtoto aliye chini ya miezi sita asipewe maji hata joto likizidi. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Subiri kama nusu saa. Kama ni joto la chumba, mwili utapoa, na mtoto atachangamka. Homa haitashuka hivyo. Ukiwa na kipima joto, weka kwapani: nyuzi 37 na nusu au zaidi ni homa. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa usingoje kuche. Vilevile mtoto yeyote anayekataa titi, anayepumua kwa shida, aliyelegea, aliyeshikwa na degedege, au mchanga ambaye mwili umekuwa baridi, huyo ni wa kituo cha afya mara moja. Wakifika, wataomba tone la damu kidoleni au kisiginoni, na kipimo cha haraka kitaonyesha kama ni malaria. Usikubali kupewa dawa ya kubahatisha ikiwa kipimo kipo.

Kwa nini nasisitiza chandarua kiasi hiki, wakati joto nalo lina hatari? Kwa sababu joto tunaweza kulishughulikia kwa njia nyingi, nimezitaja. Mbu wa usiku wa manane, mtoto hana njia nyingine ya kumkwepa. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, vyandarua vyenye dawa vilijaribiwa vijiji kwa vijiji, na matokeo yalitoka mwaka 1996: vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa karibu theluthi moja. Kilifi nako kuna joto, tena joto la pwani, lenye unyevu. Na sisi Kongo, katika dunia nzima, ni Nigeria tu inayotupita kwa wagonjwa wa malaria.

Mwisho, mama mjamzito unayenisikia: chandarua chenye dawa hutolewa bure kwa wajawazito kwenye kliniki, na kwa watoto wanapofika kwenye chanjo. Nenda mapema, mimba ikiwa bado changa, na usipopewa, uliza mbele ya muuguzi kwa sauti. Na wewe baba, kesho asubuhi tafuta kamba nne na misumari minne, ili kabla mtoto hajazaliwa nafasi yake iwe tayari.